Barua kwa wenye mzazi anayetaka kuoa au kuolewa tena

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mlioitwa na baba au mama, akawaketisha, akakohoa kidogo, kisha akasema amepata mwenzake. Kikao kama hicho nakijua, maana mwenzake huyo nilikuwa mimi. Niliolewa na mgane nikiwa na miaka 64, naye ana watoto wanne, wote watu wazima.

Siku ya kwanza kuingia nyumbani kwake nilichukua kikombe cha bluu kabatini ninywe maji. Binti yake wa pili akakipokea mkononi mwangu, akakiosha, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Hakusema neno. Kilikuwa cha marehemu mama yake. Yule binti alikuwa na miezi kumi na minne tangu afiwe. Lakini baba yake alianza kufiwa zamani, kwa sababu mkewe aliugua miaka mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku na kumsikia sauti ikipungua. Wengi wenu mnaosema "mapema mno" mnahesabu tangu siku ya mazishi. Yeye hakuanzia hapo kuhesabu.

Mama naye akitaka kuolewa hata hamsemi ni mapema, mnamuuliza anatafuta nini. Baba haulizwi hivyo. Hilo naliacha, mnalijua wenyewe.

Sasa nije kwenye lile ambalo halitajwi kikaoni. Kijana wake mkubwa alizungumza nusu saa nzima kuhusu heshima ya mama yao, nami nikawa nasikia nyumba, nyumba, nyumba. Simlaumu. Mama yake alibeba maji ya kujengea nyumba ile. Kuogopa isije ikaishia kwa mtu aliyekuja jana si tamaa. Tatizo ni kwamba hofu hiyo mkiisema kama maombolezo, baba atawajibu kuhusu maombolezo, atawapa pole, na suala la nyumba litabaki pale pale. Itajeni nyumba.

Sisi tuliitaja, tukaenda kwa wakili kabla ya ndoa. Tuliandika mkataba kwamba baba yao akitangulia, nyumba ni ya watoto wanne, ila mimi nitaishi humo mpaka nife au nihame kwa hiari yangu. Sina ruhusa ya kuiuza wala kuiweka rehani. Hayo yaliisha haraka. Kilichotuweka mpaka usiku ni paa. Likivuja nikiwa mjane humo ndani, nani atalipa? Tulikubaliana matengenezo madogo ni yangu, paa na kuta ni zao. Kisha wakili akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: nikitoa akiba yangu kujenga choo kipya, ni zawadi au ni deni? Tukaandika ni zawadi. Isingeandikwa, watoto wangu wangeweza siku moja kwenda kudai choo kwa watoto wake.

Msiridhike na ahadi ya mdomo, wala na wasia wa zamani. Katika sheria za nchi nyingi ndoa mpya hufuta wasia ulioandikwa kabla yake, kwa hiyo lazima uandikwe upya. Angalieni pia fomu za pensheni na bima, maana jina la mnufaika linaweza kuwa bado ni la marehemu. Kwa familia za Kiislamu hesabu ni nyingine: mume akiacha watoto, mjane ana fungu lake la 1/8, na wasia haumwondolei. Waulizeni wenye elimu hiyo kabla ya kushika kalamu.

Najua wapo wanaowafuata wazee kwa ajili ya mali. Dalili zake zinaonekana: ndoa ya haraka isiyotaka mashahidi wa familia, mzazi anaanza kutopokea simu zenu, pesa zinatoka kidogo kidogo kwa sababu zisizoeleweka, hati ya nyumba inaombwa "kuhifadhiwa". Mkiona hayo, msianze kwa matusi, kwani mzazi atamkumbatia zaidi yule mnayemtukana. Pendekezeni wakili, kisha mtazame huyo mgeni anavyolipokea pendekezo. Mimi nilinuna, nakiri. Niliona nahesabiwa kama mwizi. Lakini nilikwenda, nikatia sahihi.

Mwaka wa pili yule binti alikuja akakichukua kikombe cha bluu akaenda nacho kwake. Hakuna hata mmoja kati ya wanne anayeniita mama, nami sijawahi kutaka hivyo. Wananiita shangazi.

Wenu,
Shangazi wa wanne