Sketi ya marinda

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Waama baada ya salamu, nimepata ujumbe wako kuhusu bintiyo na sketi ya shule aliyoibanisha kwa fundi. Yaliyokufika yalinifika mimi muhula uliopita. Mwanangu, kidato cha kwanza, alirudishwa nyumbani na mwalimu wa zamu kwa kuwa alimpelekea fundi sketi kisiri, ikabanwa kutoka nyongani hadi magotini. Marinda yalikuwa yamefumuka wazi hata akiwa amesimama tu. Kukaa chini ndiyo hakuweza.

Nilimgombeza, sikufichi. Usiku nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, naonekana nimevaa gunia." Nikachukua futi nikampima: kiuno chake inchi 26, sketi inchi 29. Niliinunua kubwa ili akue nayo, ikawa inateremka siku nzima huku shati likichomoka. Mtoto alikuwa na haki, ila aliibana pasipo mahali pake.

Asubuhi tukaenda kwa fundi sote wawili. Bahati, kitambaa kilikuwa hakijakatwa, akafumua mishono ya ubavuni. Sketi ina marinda 12. Kila rinda akalilaza robo inchi zaidi pale juu kiunoni, zikapatikana zile inchi tatu. Chini upana ukabaki ule ule. Mkanda nao akaufupisha, kitambaa kilichozidi akakikunja ndani ili mwakani akifungue. Upindo hatukuugusa, maana shule inataka sketi ipite goti. Kisha nikamwambia akae, ainame, ainue mikono juu. Marinda yakatulia, shati halikutoka. Alijitazama kiooni mara tatu, shoga, na uso ukamng'aa.

Tangu siku hiyo tuna mapatano. Sare ni ya shule, humo atachagua tu ikae vipi mwilini. Nguo za kutokea achague mwenyewe, na mimi na babake tunaangalia mambo mawili: isibane na isionyeshe mwili. Buibui la Idi alilitaka la zambarau, lenye nakshi mikononi. Mimi ningechukua jeusi, lakini rangi haikuvunja chochote, nikanyamaza. Kitambaa tulikiinua juani hapo hapo dukani, nikaviona vidole vyangu upande wa pili. Sikukataa. Nilimpa hiari: achukue kizito zaidi, au hicho hicho na shimizi ndefu ndani. Akachagua shimizi, na babake alipomwona siku ya Idi alimwambia amependeza.

Wewe kabla ya kumgombeza zaidi, ipindue sketi ya bintiyo uangalie mshono kwa ndani. Kama kitambaa bado kipo, inaokoka. Kama fundi alikata, usihangaike nayo, nunua nyingine, na safari hii mpime kwanza. Ukija mwisho wa mwezi njoo naye na sketi yake, tutampeleka kwa huyu fundi wetu.

Nisalimie Malindi nzima.

Shogayo