Paneli ya wati 250, na bado tivi inazima saa tatu

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Ahero alitujia dukani mwezi wa pili, wakati jua la uwanda wa Kano linachoma mpaka mbwa wanajificha chini ya ghala. Kwa hivyo kisingizio cha mawingu hakikuwepo.

"Fundi," akaniambia, "nilikuwa na paneli ya wati 150. Tivi ikawa inanizimia. Nikampa mdogo wangu hiyo paneli, nikanunua ya wati 250. Taarifa ya saa tatu bado naisikiliza kwa redio."

Nikamuuliza swali moja tu: "Mwalimu, tivi ikizima, balbu nazo zinazima?"

"La. Balbu zinaendelea mpaka saa nne hivi, ndipo giza linaingia nyumba nzima."

Jibu hilo lilinipa nusu ya habari kabla sijapanda boda kwenda kwake. Kontrola, kile kisanduku kinachosimamia umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, ikikata umeme kwa sababu betri imeisha, inakata kila kitu kwa pamoja. Tivi ikizima peke yake huku balbu zinawaka, kuna umeme unaopotea njiani kati ya betri na tivi. Lakini hata balbu kuzima saa nne ya usiku ni mapema mno, kwa hivyo alikuwa na magonjwa mawili, na paneli haikuwa mojawapo.

Kwake tulianza na kalamu na karatasi. Watu wengi huanza na paneli kwa sababu ndiyo inayoonekana juu ya mabati, ila hesabu ya sola huanza na vitu vinavyotumia umeme. Unachukua wati za kila kifaa, unazidisha kwa saa kinazowaka, unapata wati-saa. Balbu ya sebuleni ya wati 5 huwaka saa 5, hiyo ni 25. Ya jikoni saa 3, ni 15. Vyumba viwili vya kulala saa moja moja, ni 10. Ya nje ni ya wati 3 lakini inakesha saa 11, kwa hivyo inakula 33, kuliko balbu nyingine yoyote. Taa zote pamoja ni 83.

Simu ni mbili kubwa na kabambe moja. Simu yenye betri ya 5000 mAh huhitaji kama wati-saa 25 kujaa kabisa, ukihesabu na kinachopotea kwenye chaja. Kabambe inaridhika na 5. Jumla 55.

Tivi yake ni ya inchi 24, ile inayotumia volti 12 moja kwa moja bila inveta. Inakula wati 30, na king'amuzi wati 10. Kwa saa 4 za jioni hiyo ni 160. Ukijumlisha nyumba nzima unapata 298, tuseme wati-saa 300 kwa siku. (King'amuzi kikiachwa kinawaka baada ya tivi kuzimwa, zile saa 20 zilizobaki zitakula wati-saa 200 nyingine, bila mtu kutazama chochote. Mwalimu alikuwa anakichomoa. Wengi hawachomoi.)

Gawanya 300 kwa volti 12: nyumba hii inataka ampea-saa 25 kila siku. Namba hiyo 25 ndiyo tutakayotembea nayo.

Betri ya maji au ya jeli, yaani ya risasi, haifai kushushwa chini ya nusu kila usiku. Ukiishusha zaidi itakuhudumia, lakini itakufa mapema. Kwa hivyo ampea-saa 25 za usiku mmoja zinataka betri ya 50, na ukitaka akiba ya siku moja ya mvua, unataka ya 100. Mwalimu alikuwa na ya 50, na tena ilikuwa betri ya gari ya miaka miwili. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, kisha injini inaijaza papo hapo. Sahani zake ni nyembamba. Ukiinyonya polepole usiku kucha, siku baada ya siku, zinachoka haraka.

Kuchoka kwenyewe kulionekana bila kuifungua. Nilifika kwake kabla ya saa nne asubuhi, na kontrola tayari ilikuwa inaonyesha betri imejaa. Mteja hufurahi akiona hivyo. Mimi nilishtuka. Betri iliyomaliza usiku kucha ikifanya kazi haijai saa nne asubuhi kwa mfumo wa namna hii. Ikijaa upesi na kuisha upesi, imebaki ndogo kama kikombe. Tangu saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa tatu, tivi, king'amuzi na taa zake hutumia kama ampea-saa 11 tu, na hapo ndipo ilipokuwa inaanza kulegea. Kama ingekuwa kinyume, yaani jua linazama betri haijafika volti 14.4 za kujaa, ningesema paneli ni ndogo au ina kivuli. Kipimo hicho unaweza kukifanya mwenyewe, bila fundi, kwa kutazama kioo cha kontrola mara mbili kwa siku.

Sasa ile paneli ya wati 250. Saa sita mchana tuliondoa betri yake, nikaweka yetu ya majaribio iliyokuwa na njaa, nikabana mita kwenye waya wa paneli. Ikasoma ampea 8 na kidogo. Mwalimu akakunja uso, kwa sababu alijua hesabu: 250 gawanya kwa 13 ni ampea 19. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Zilikuwa hazijafika popote. Paneli yake ni ya seli 60, inayofanya kazi vizuri kwenye volti 30 hivi na kutoa ampea 8.3. Kontrola yake ni ya aina ya PWM. Hii ni kama swichi inayofunguka na kufunga kwa kasi: inaunganisha paneli na betri moja kwa moja, na betri inailazimisha paneli ishuke mpaka volti 13. Ampea hazibadiliki, zile volti za ziada zinapotea tu. Volti 13 mara ampea 8.3 ni wati 108. Na ile ya wati 150 aliyompa mdogo wake? Ilikuwa ya seli 36, volti 18, ampea 8.3. Kwa kontrola ile ile, paneli zote mbili zinatoa sawasawa. Mwalimu alicheka kwanza, halafu akanyamaza kwa muda.

Kontrola ya MPPT ndiyo inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Ila sokoni kuna vitu vingi vimeandikwa MPPT kwenye ganda na ndani ni PWM. Namna ya kuvijua ni kubana mita pande mbili wakati betri ina njaa na jua limewaka: kwa MPPT ya kweli, ampea zinazoingia kwenye betri ni nyingi kuliko zinazotoka kwenye paneli. Zikiwa sawa, umeuziwa jina. Angalia pia volti za juu ambazo kontrola inavumilia. Paneli ya seli 60 bila mzigo hufika volti 37 au 38, na kontrola ndogo iliyoandikwa mwisho wa 25 itaungua siku ya kwanza. Ya Mwalimu ilikuwa inavumilia 50, hapo alikuwa na bahati.

Je, nilimuuzia MPPT? Hapana, kwa sababu ampea 8.3 zinamtosha. Betri ya risasi hurudisha kama asilimia 80 ya unachoweka, kwa hivyo kupata ampea-saa 25 usiku lazima uingize 31 mchana. Kisumu na viunga vyake jua la mwaka mzima ni sawa na zaidi ya saa 5 za jua kali kamili kwa siku kwa wastani, lakini mimi hupiga hesabu ya msimu wa mvua kwa saa 4. Ampea 8.3 mara 4 ni 33, toa sehemu ya kumi ya vumbi na hasara ndogondogo, unabaki na 30. Siku mbaya inakaribia kutosha, na siku ya saa 5 inaleta 37 na kuziba pengo. Kontrola ya ampea 20 inabeba mzigo huo bila jasho. Sheria yangu ni kuchukua ampea za juu za paneli na kuongeza robo.

Pesa zake tukazipeleka kwenye betri ya 100 ya sola. Alitaka ya 200, "nimalize kabisa." Nilimkataza. Betri ya risasi hupenda kuchajiwa kwa kama sehemu ya kumi ya ukubwa wake. Ampea 8 kwa betri ya 100 zinafaa, kwa ya 200 hazitoshi, na betri isiyojaa kabisa wiki nyingi mfululizo inaota chumvi kwenye sahani na kugoma. Lithiamu ingekuwa nzuri pia, ya 50 ingemfikisha karibu usiku wa pili kwa sababu unaweza kuitumia mpaka asilimia 80, ila kontrola yake haikuwa na chaguo la lithiamu, na sipendi kubahatisha hapo.

Ulibaki ule ugonjwa wa pili. Betri ilikuwa chumbani, tivi sebuleni, mita 10 za waya mwembamba wa milimita mraba 1.5 uliopita darini. Jioni hiyo, betri ikiwa volti 11.7, kwenye plagi ya tivi nilisoma 10.9. Volti 0.8 zimeliwa na waya. Kwa stima ya kawaida hasara kama hiyo hata huioni, lakini kwa volti 12 inazima tivi. Tukaweka waya wa milimita mraba 4, hasara ikashuka hadi kama 0.3. Kontrola nayo ilikuwa inakata kwenye 11.1, betri ikiwa imeshuka kupita kiasi. Nikaipandisha hadi 11.8.

Wateja wetu wa Kakamega na Vihiga, hesabu ni hii hii isipokuwa jambo moja. Huko mvua hupenda kuja alasiri, kwa hivyo mimi huinamisha paneli kidogo kuelekea mashariki ili ivune asubuhi. Na ule mti wa mparachichi karibu na nyumba: kivuli cha tawi moja kwenye kona ya paneli kinaweza kuondoa nusu ya ampea. Mara nyingi panga ni rahisi kuliko paneli ya pili.

Ukija kwetu, njoo na picha ya kibandiko cha nyuma ya tivi na cha nyuma ya paneli, na uhesabu hatua kutoka betri ilipo hadi tivi ilipo. Kama una betri ya zamani, itazame saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua kuipiga paneli, vitu vyote vikiwa vimezimwa: ikisoma 12.2 au zaidi, huenda huhitaji kununua kitu.