Bibi ameniuliza "huyu nani?" na picha ni yangu mwenyewe

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku. Picha tatu nimezilaza kitandani, mimi nimekaa chini sakafuni, na kila nikifumba macho nasikia sauti ya bibi: "Huyu nani?"

Sendofu yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Picha itasimama mlangoni, saizi ya A2, yaani sentimita 42 kwa 59, na uso wangu pale utakuwa mkubwa kuliko ninavyoutembeza hapa Ngamiani. Nilijipiga mwenyewe, kamera kwenye miguu mitatu, mwanga wa asubuhi wa dirishani ukitoka kushoto. Nikaisafisha mwenyewe vilevile, maana kusafisha picha za watu ndiyo kazi inayonilisha mwaka wa sita huu. Nikatoa nakala ndogo, nikampelekea bibi barazani. Akaishika, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaniuliza huyu nani.

Usiniambie ni macho. Mchumba wangu ameshasema ni macho, mama mdogo naye amesema ni macho. Bahasha niliyompa bibi ilikuwa na picha nyingine za nyumbani, na wote aliwataja mmoja mmoja, mpaka mtoto wa jirani aliyekaa nyuma ya mlango. Aliyemshinda ni mimi tu, na yeye ndiye aliyenilea.

Acha nikueleze nilichofanya, usije ukadhani nilijichubua kwenye kompyuta. Aliyenifundisha kazi alinipa kipimo kimoja: kitu ambacho baada ya wiki mbili hakitakuwepo usoni, futa. Kitakachobaki si chako, muulize mwenyewe. Kwa hiyo chunusi mbili za kipaji zilikwenda, na mkwaruzo wa pini ya ushungi ukaenda. Weusi chini ya macho niliupunguza tu, maana huo ni usingizi nilioukosa, si uso. Hapo sina kosa, na hata wewe usingenilaumu.

Zilibaki tatu za kudumu. Kidoa cheusi juu ya mdomo, nilichokichukua kwa marehemu baba. Kovu la nyusi ya kushoto, nilipoanguka baiskeli nikiwa darasa la tatu, kaka kanipakia nyuma, na bibi akanizibia damu kwa kahawa ya unga. Na baka la kuzaliwa la shavuni, limekolea kuliko ngozi yangu, linaanzia karibu na sikio linashuka hadi kwenye taya. Bibi husema mama alijishika shavu usiku wa kupatwa kwa mwezi.

Mteja ningemuuliza. Kila anayekaa kwenye kiti changu namuuliza kabla sijagusa chochote: kuna alama usiyotaka niiguse? Nilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza mjane mmoja aliniletea picha ya marehemu mumewe niikuze, nami kwa kutaka kumfurahisha nikafuta kidoa cha puani. Alipoiona hakugomba. Aliirudisha mezani akasema, "Mwanangu, nilikuwa nakitazama hicho." Sijasahau. Sasa niambie, mtu anayejua hivyo anawezaje kujifanyia mwenyewe vilevile?

Sikulifuta baka kwa sababu ya mama mkwe. Nataka ulielewe hilo. Ni kweli siku walipokuja kujitambulisha aliniuliza mbele ya watu, "Hilo la shavuni ni la kuzaliwa au la moto?" Nikajibu la kuzaliwa, akasema "Haya," mazungumzo yakaendelea. Hakunitukana. Labda alitaka kujua tu. Mimi nililifuta kwa sababu mwanga wa kushoto ulilipiga moja kwa moja, na kwenye picha kubwa jicho la mtu lingekimbilia pale kabla ya kufika machoni mwangu. Hiyo ni sababu ya kikazi.

Kidoa nilianza kwa kukififisha. Nafanya kila kitu kwenye leya tupu juu ya picha, Healing Brush, brashi inayoziba doa kwa ngozi ya jirani, nikiiweka Sample: Current & Below, yaani isome leya hiyo na picha iliyo chini yake, ili picha yenyewe isiguswe na niweze kurudi. Nikashusha Opacity, yaani uzito, ya leya ile hadi asilimia 50, kidoa kikarudi nusu. Kikawa kibaya kuliko kikiwepo chote. Kidoa kina ukingo mkali na weusi wake ni wa kweli, ukikipunguza nusu kinakuwa kijivu, kama mtu amekula mchuzi hakujifuta. Kidoa ama unakiacha ama unakitoa, katikati hakuna. Nikakitoa.

Kovu lilikuwa na mawili: ngozi yake inang'aa kuliko jirani zake, na pale nywele za nyusi hazioti. Nilijaza nywele. Brashi ilinivutia weusi wa nyusi ukachafua ngozi pembeni, nikahamia Clone Stamp, inayonakili tu bila kuchanganya rangi, nikachora unywele kwa unywele, nikajisifu. Na hapo ndipo nilipojidanganya, maana nilikuwa nimeikuza picha hadi asilimia 300. Ukiwa karibu hivyo humwoni mtu, unaona ngozi. Niliporudi asilimia 50 nikakuta nyusi mbili zimelingana kama za kuchorwa, na mimi sijawahi kuwa na nyusi zilizolingana tangu darasa la tatu. Ilinitosha kufifisha ule mng'ao na kuliacha pengo. Mteja ningemfanyia hivyo.

Baka ndilo lililonimaliza. Kitu kikubwa kiasi kile huwezi kukiondoa kwa kuponya vipandevipande, shavu linabaki na mawingumawingu. Nililiangaza kwa Curves, maski juu yake, nikafukuza rangi mpaka ikalingana na shavu, kingo nikazimalizia kwa brashi. Ngozi ilitoka safi, vitundu vyote vinaonekana, hakuna fundi angejua palikuwa na kitu. Ila chini lile baka linaishia pale shavu linapogeuka kuwa taya, penye kivuli. Nilipoling'arisha lifanane na shavu lililo kwenye mwanga, kivuli nacho nilikiondoa. Uso ukapanuka. Taya langu jembamba likawa la mtu mwingine, na mimi sikuona, nilikuwa natazama baka tu limeisha au bado.

Hilo nimeligundua leo, baada ya bibi. Baada ya "huyu nani."

Kwa hiyo hizi tatu hapa kitandani. Ya kwanza ndiyo aliyoiona, kila kitu kimefutwa. Ya pili nimerudisha kidoa, nimerudisha pengo la nyusi, na taya nimelirudishia kivuli chake, lakini baka halipo. Ya tatu nimefuta chunusi na mkwaruzo tu, baka liko zima. Kulififisha nimejaribu pia, maana baka lina kingo laini, halifanyi ujivu kama kidoa, linakubali. Kwenye asilimia 60 linapendeza hasa. Ila nikilitazama naona kama nimemwomba mtu msamaha, sikulitoa nakala.

Mchumba wangu anaipenda ya kwanza. Alisema nimetoka kama msichana wa kwenye kalenda. Hakukosea kusema, alitaka kunifurahisha, na mimi ndiye niliyeitengeneza iwe hivyo. Lakini naye ananiona kila siku, kwa nini hakuuliza baka liko wapi? Bibi ana miaka zaidi ya 80 na aliuliza.

Tena nimewaza jambo jingine. Uso wangu mimi naujua kwa kioo, na kioo kinageuza, baka langu naliona upande usio wake. Anayeniona nilivyo ni aliye mbele yangu. Basi katika kuamua nini kibaki, mimi ni shahidi dhaifu kuliko bibi. Namshauri mteja hivyohivyo: akishindwa kuamua, amwonyeshe mtu anayeishi naye, asimweleze kitu, amtazame sekunde ya kwanza. Na sekunde ya kwanza ya bibi nimeshaiona.

Sina haja ya kuambiwa nijipende nilivyo. Najipenda. Nimetembea na baka hili Usagara mpaka Raskazone bila kulifunika, ushungi naufunga nyuma ya sikio makusudi. Sikuwahi kulionea haya mpaka siku ile ya "la kuzaliwa au la moto." Wala siku ile sikulionea haya, nilishangaa tu. Watu zaidi ya 20 kimya, wote wanatazama shavu langu.

Kesho saa nne asubuhi natakiwa kupeleka faili kwa wachapaji, wakichelewa haitakauka na kubandikwa kwenye fremu kwa wakati. Ya kwanza nimeshaamua siipeleki. Ni ya pili au ya tatu. Ya pili ni nzuri, Shangazi, naisema kama fundi. Sura ni yangu, taya langu, nyusi yangu, mdomo wa baba. Ukiniweka pembeni yake utasema ni huyuhuyu. Mama mkwe akiingia mlangoni hatakuwa na la kuuliza.

Ninachotaka kujua ni kama nimwonyeshe bibi hiyo ya pili akiamka alfajiri. Ni kitu rahisi, namwekea mkononi wakati wa chai nisiseme neno. Akiuliza tena huyu nani, nitapeleka ya tatu na mama mkwe aulize anavyotaka. Nilidhani hicho ndicho kinachoninyima usingizi, kwamba atauliza tena. Lakini nimekaa hapa tangu saa sita na kinachonitisha ni kwamba atanitambua. Atasema "si ni wewe huyu," atairudisha, ataendelea na chai yake, na mimi nitakuwa nimepata ruhusa ya kusimama pale mlangoni bila baka. Na ruhusa hiyo nimeitafuta usiku kucha.

Nimwonyeshe? Au niipeleke ya tatu kabla hajaamka?

Najua barua hii haitakufikia kabla ya saa nne. Nijibu hata hivyo.

Wako,
Msafisha picha, Ngamiani, Tanga