Mkopo wa nyumba na akiba ya pembeni: hesabu ya mwalimu wa Lanet

Wateja wengi wanaotuletea hesabu zao hapa Nakuru huja na karatasi mbili za benki. Moja ni ya mkopo wa nyumba. Nyingine ni ya akiba: pesa za karo, za mbolea, za dharura. Akiba inaleta riba ndogo, mkopo unatozwa riba kubwa, na mara nyingi zote mbili ziko katika benki ile ile. Tukiuliza kwa nini akiba haijapunguza mkopo, jibu ni moja: pesa zikishaingia kwenye mkopo hazitoki tena. Hofu hiyo ina msingi. Mtu mwenye watoto shuleni hawezi kubaki mikono mitupu ili tu deni lishuke.

Ndiyo maana tunataka mjue kuhusu akaunti ya akiba iliyounganishwa na mkopo. Kila siku benki huchukua salio la mkopo, ikatoa salio la akiba, kisha ikatoza riba kwa kile kilichobaki. Akiba yenyewe hailipwi riba yoyote. Lakini pesa ni zako na unazitoa unapozihitaji. Ukizitoa, riba ya mkopo inapanda kuanzia siku hiyo. Australia utaratibu huu umezoeleka sana katika mikopo ya nyumba, na Uingereza pia upo. Kwetu si jambo utakalolikuta kila benki, kwa hivyo ni lazima uulize, na uulize vizuri.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayeishi Lanet na kulima mahindi upande wa Njoro. Ana mkopo wa nyumba wa shilingi 3,000,000 kwa miaka 15, riba asilimia 15 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Malipo yake ya kila mwezi ni kama shilingi 41,990. Pembeni ana akiba ya 600,000 kwenye akaunti ya muda maalum inayolipa asilimia 7.

Akiba hiyo inamletea 42,000 kwa mwaka. Serikali inakata kodi ya asilimia 15 kwenye riba hiyo, yaani 6,300, kwa hivyo anabaki na 35,700. Wakati huo huo, shilingi 600,000 za deni lake zinamgharimu riba ya 90,000 kwa mwaka. Akiba ingekuwa imeunganishwa na mkopo, hizo 90,000 asingetozwa. Kodi pia haingekatwa, kwa sababu hakuna riba aliyolipwa. Kilichotokea ni kwamba ametozwa kidogo. Tofauti ni 54,300 katika mwaka mmoja, na hajatoa hata shilingi mfukoni.

Faida kubwa zaidi iko ndani ya malipo ya kila mwezi. Mwezi wa kwanza wa mkopo wa kawaida, katika zile 41,990, riba inameza 37,500 na deni lenyewe linapungua kwa takriban 4,490 tu. Akiba ikihesabiwa, riba ni 30,000 na deni linashuka kwa karibu 11,990. Malipo ni yale yale, ila kazi yake ni nyingine kabisa. Akiendelea hivyo, riba isibadilike na akiba isiguswe, baada ya takriban miezi 101 deni litakuwa limefika 600,000, sawa na akiba yake. Akitaka, siku hiyo anaufunga mkopo. Angeziweka mbali, akiba yake ingekuwa imekua hadi karibu 989,000 baada ya kodi, lakini bado angedaiwa kama 2,100,000.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Benki nyingine hutumia akiba kupunguza malipo ya kila mwezi badala ya kufupisha mkopo. Unapata nafuu ya matumizi, lakini deni haliishi mapema. Ukitaka mkopo uishe upesi, omba kwa maandishi malipo yabaki yalivyokuwa.

Kwa mkulima, uzuri mwingine ni kwamba hesabu ni ya kila siku. Tuseme akiba ya mwalimu wetu si ya kudumu, bali ni pesa za mahindi zinazoingia mwezi wa Desemba na kutoka Machi kununulia mbegu na mbolea. Shilingi 600,000 zikikaa siku 90 tu, zinamwondolea riba ya karibu 22,190. Huhitaji kuzifungia popote, na hakuna adhabu ya kuzitoa mapema kama ilivyo kwenye akaunti ya muda maalum.

Sasa upande wa pili. Mkopo wa aina hii huenda ukawa na riba ya juu kidogo. Ukiwa wa asilimia 15.5 badala ya 15, mwalimu analipia nusu asilimia hiyo kwa deni lote, shilingi 15,000 kwa mwaka, kabla akiba haijafanya kazi. Tukipiga hesabu kwa viwango vyake, anahitaji akiba ya wastani wa kama 157,000 mwaka mzima ndipo atoke sare. Mwenye akiba ya 50,000 inayoyeyuka kila katikati ya mwezi, sisi tungemshauri abaki na mkopo wa bei nafuu.

Usichanganye jambo hili na dhamana. Benki inaweza kukupa mkopo na kuzuia akiba yako kama dhamana, usiweze kuigusa, huku ikitoza riba kwa deni lote. Kwenye sako nako, amana zako ndizo zinazokupa nafasi ya kukopa, mara nyingi hadi mara tatu yake, lakini hazipunguzi riba ya mkopo na huwezi kuzitoa ukiwa bado unadaiwa. Na kama riba ya mkopo imepigwa mara moja kwa kiasi chote ulichokopa mwanzoni, akiba haina cha kupunguza.

Kwa hivyo kabla ya kusaini, uliza mambo haya: akiba inahesabiwa yote au sehemu tu? Inahesabiwa kila siku au kwa salio la mwisho wa mwezi? Je, akaunti ya mke au mume inaweza kuunganishwa? Kama benki inaangalia mwisho wa mwezi pekee, karo ukiilipa tarehe 28 umepoteza faida ya wiki nne zilizotangulia.

Baada ya kusaini, usiamini, kagua. Chukua stetimenti ya mwezi wenye siku 30. Toa akiba kwenye deni, zidisha kwa riba ya mwaka, zidisha kwa 30, gawanya kwa 365. Kwa mwalimu wetu jibu ni karibu 29,590. Stetimenti ikionyesha karibu 36,990, basi akiba yake haikuhesabiwa kabisa, na ana haki ya kudai tofauti irudishwe. Salio likipanda na kushuka ndani ya mwezi, hesabu hufanywa kwa vipande, kila kipande na siku zake.

Kazi hiyo ya vipande ndiyo tunayowafanyia wateja ofisini. Njoo na barua ya mkopo, pamoja na stetimenti za miezi 12 za mkopo na za akiba. Tunataka za mwaka mzima kwa sababu akiba ya mkulima ya Januari si ile ya Juni, na wastani wa mwaka ndio unaoamua kama kuhama kunalipa.