Kwa Nini Tunatoza Kufungua Akaunti ya Mwanagenzi

Kila mwezi wa Juni, vyuo vinapowatuma wanafunzi kwenye mafunzo ya kazini, lalamiko lile lile hutufikia. Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa Nakasero alipiga simu akiwa na ankara yetu mkononi, akasema, "Fundi, shilingi 45,000 kwa kufungua jina moja tu kwenye seva? Hiyo ni kazi ya dakika mbili, hata mimi naiweza." Ni kweli anaiweza, na ni kweli huchukua dakika mbili. Nimeona ni haki nimweleze yeye na wenzake kilichotokea katika ofisi nyingine ambayo nayo iliifanya kwa dakika mbili.

Ofisi hiyo ni ya uwakala wa forodha hapa Kampala. Ina watumiaji 22 na seva moja ya Windows inayotunza akaunti zote pamoja na folda za mizigo. Baadhi ya makarani wake hukaa Malaba na Busia. Siku mwanagenzi wao alipofika, meneja hakutaka kutuita. Alifungua orodha ya watumiaji kwenye seva, akabofya jina lake mwenyewe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua `Copy`, akaandika jina la binti huyo na nywila mpya. Alichokuwa hajui ni kwamba njia hiyo hainakili mpangilio wa akaunti peke yake, bali humwingiza mtumiaji mpya katika makundi yote ya yule anayenakiliwa. Meneja naye alikuwa ndani ya kundi la wasimamizi wakuu, `Domain Admins`, kwa sababu mwaka mmoja kabla printa ilikataa kusakinishwa na mtu akamwingiza humo "kwa siku moja tu," na siku hiyo haikwisha. Hivyo mwanafunzi wa mwaka wa pili alipewa ufunguo wa kila mlango wa kampuni, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Kwa wiki tatu hapakuwa na dalili yoyote, ila moja ambayo ilipaswa kuonekana: binti aliweza kuingia kwenye seva yenyewe kutoka mezani kwake. Seva inayotunza akaunti humkataa mtumiaji wa kawaida papo hapo. Ikimkubali mtu asiye msimamizi, basi ipo haki aliyopewa pasipo kukusudiwa.

Wiki ya nne aliagizwa aondoe akaunti za watu walioacha kazi. Kwa kuwa hakupewa orodha ya majina, alifanya jambo lenye mantiki: alitafuta akaunti ambazo hazikuwa zimeingia kwa zaidi ya siku 90, akazipata sita, akazifuta. Wenyewe walikuwa makarani wa mpakani. Watu hao hufanya kazi kila siku, lakini wanaingia ASYCUDA, mfumo wa forodha, kwa intaneti, na kompyuta zao za mkononi huwafungulia kwa nywila iliyohifadhiwa ndani yake bila kuiuliza seva ya Kampala. Kwa seva, walikuwa kama wamehama. Akaunti ya kawaida ingezuiwa kufuta, naye angelazimika kuuliza. Yake haikuzuiwa, ilimtaka athibitishe tu.

Alhamisi karani wa Malaba alikuja mjini na mafaili yake, akachomeka kompyuta kwenye mtandao wa ofisi, akakataliwa. Wa Busia akafuata. Hapo ndipo ikachukuliwa njia ya mkato ya pili, na hii ndiyo iliyogharimu zaidi: meneja aliwafungulia wote sita akaunti mpya kwa majina yale yale. Waliingia, lakini kila karani alikuta skrini tupu kana kwamba kompyuta ilinunuliwa jana, na folda za mizigo zikawafungia.

Seva haimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba ndefu inayoanza na `S-1-5-21`, ambayo hutolewa mara moja akaunti inapoundwa na haitolewi tena. Mjukuu anaweza kurithi jina la babu yake, lakini NIN ya babu hairithi. Ruhusa za folda zilikuwa zimeandikiwa namba za zamani. Mtu anaweza kulitambua tatizo hili kwa kufungua kichupo cha `Security` cha folda: panapopaswa kuwa na jina la mtu, pana namba hiyo bila jina.

Tuliitwa Jumatatu. Kama pipa la taka la `Active Directory`, sehemu ya Windows inayotunza akaunti, lingekuwa limewashwa, akaunti zingerudi kwa dakika chache zikiwa na makundi yake yote. Halijiwashi lenyewe kwenye seva kama ile, na tulipolipendekeza wakati wa ufungaji, mteja alilikata kwenye makadirio ya bei pamoja na mengine. Kuliwasha baada ya kufuta hakurudishi chochote kilichofutwa kabla. Ilibidi tuzibadili majina zile akaunti mpya sita kwanza, kwa kuwa akaunti mbili haziwezi kushiriki jina moja la kuingilia, kisha tuyafufue mabaki ya zile za zamani, ambayo kwa kawaida seva huyatunza kwa siku 180. Mabaki hayo huhifadhi ile namba, lakini hupoteza nywila na makundi. Makundi tuliyarudisha moja baada ya jingine kutoka kwenye karatasi ya makabidhiano tuliyoiacha ofisini siku ya ufungaji, ile ambayo wateja wengi huiona kuwa mapambo. Kisha tukahamisha kazi ya siku nne waliyoihifadhi chini ya akaunti mpya. Tulianza saa kumi na mbili jioni, tukamaliza saa saba usiku, na ankara ilikuwa shilingi 1,150,000. Siombi radhi kwa bei hiyo.

Asubuhi mzee mwenye kampuni alitaka binti aondoke siku hiyo hiyo. Nilimwambia, "Mzee, tusome kwanza kumbukumbu za seva." Tukio namba 4726 lilionyesha kweli kwamba yeye ndiye aliyefuta. Lakini matukio 4720 na 4728, ya kuundwa kwa akaunti na kuingizwa kundini, yalitokea ndani ya dakika moja na yote yalibeba jina la meneja. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Basi mtoto hana kosa." Meneja, kwa heshima yake, alikubali mbele ya wote.

Siku hiyo tuliwatoa wote wawili katika kundi lile na kuwataka watoke kabisa kwenye kompyuta zao na kuingia upya, kwa sababu anayebaki ndani huendelea kubeba haki za zamani. Meneja sasa ana akaunti mbili, na ile ya usimamizi huitumia kwa kazi ya seva pekee. Akaunti isiyotumika huzimwa kwanza kwa siku 60, na hakuna inayofutwa kabla mkuu wa idara hajaweka sahihi. Pipa la taka limewashwa.

Shilingi 45,000 zetu hulipia haya: kutumia kiolezo cha mwanagenzi kisicho na haki yoyote ya ziada, kuweka tarehe ambayo akaunti itajifunga mafunzo yakiisha, kujaribu kuingia nayo kwenye seva ili tuone ikikataliwa, na kuandika yote kwenye karatasi ya makabidhiano. Anayependa kujifanyia kazi hii hatutamzuia, ila baadaye aendeshe amri hii kwenye seva na alisome kila jina litakalotokea:

```
Get-ADGroupMember "Domain Admins" -Recursive | Select-Object Name
```

Mteja wa Nakasero aliiendesha tukiwa bado kwenye simu. Alitarajia majina mawili, yakatokea matano, na moja ni la mwanagenzi wa mwaka jana. Tunakwenda kwake kesho saa tatu asubuhi.