Risala ya washauri wa jamii kwa mgeni rasmi, kuhusu ngazi za matibabu ya sonona

Ndugu mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, viongozi wa kata na vijiji, matabibu wetu, manesi na wageni wote, habari za mchana na karibuni sana Chamwino.

Sisi ni washauri wa jamii, hatuna udaktari, wengine tuna darasa la saba wengine fomu foo, ila tumefundishwa kukaa na mtu mwenye sonona na tunafanya kazi hiyo zahanati na vituo vya afya. Leo tumeona tusikuchoshe na mambo mengi, tukueleze kitu kimoja tu: mshauri anajuaje kwamba huyu mtu ameshamzidi uwezo na inabidi apande ngazi inayofuata.

Ngazi ziko tatu. Ya kwanza ni sisi na maongezi yetu. Ya pili ni tabibu wa kituo na dawa. Ya tatu ni daktari wa magonjwa ya akili, na sisi watu wa Dodoma tuna bahati kwamba Mirembe iko hapa hapa, mtu wa mikoa ya mbali anasafiri siku nzima kuifikia. Ila bahati hiyo ina ubaya wake, watu wamezoea kwamba ugonjwa wa akili ni Mirembe basi, kwa hiyo mtu asipookota makopo barabarani anaonekana mzima, anakuja zahanati analalamika kichwa na mgongo, anapewa panado anarudi nyumbani.

Tunachotumia kupima ni fomu ya PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu ni 0 mpaka 3, jumla haizidi 27. Tulivyokubaliana kwetu, chini ya 10 tunampa elimu na tunamwambia arudi baada ya wiki mbili, 10 mpaka 14 anaanza na mshauri, 15 mpaka 19 anaendelea na mshauri lakini tabibu amuone aangalie suala la dawa, 20 kwenda juu tabibu anamuona siku hiyo hiyo na kuongea na hospitali ya wilaya. Hiyo namba haitoshi peke yake, tunauliza pia kama bado anapika, anaenda shamba, anaoga, maana kuna mtu anapata 12 na amelala ndani hatoki.

Sasa tukupe mfano mmoja, tumebadilisha vitu vidogo vidogo ili mtu asijulikane. Mama mmoja mwenye shamba la zabibu alipata 14. Usingizi 3, uchovu 3, kukosa hamu ya mambo 2, huzuni 2, chakula 2, kujilaumu 1, kushindwa kutulia kwenye jambo 1, kuwa mzito au kuhangaika 0, na swali la kujidhuru 0. Akaanza na sisi. Kwenye kikao cha kwanza hatumpi mtu ushauri wa juu juu wa "vumilia mama yangu", anataja matatizo yake yote, anachagua moja, tunalivunja vipande mpaka lipatikane jambo analoweza kufanya wiki hii. Yeye alichagua deni la vikoba. Akaenda kwa mweka hazina, wakapanga upya marejesho, na kwa kweli lile deni likatulia.

Baada ya vikao vinne tukapima tena, akapata 12.

Hapo ndipo washauri wengi wanapokosea jamani. Deni limetulia, mama anashukuru, anacheka na wewe, unasema huyu anaendelea vizuri ngoja tuongeze vikao vingine vinne. Lakini kanuni tuliyopewa inasema skoa ikipungua kwa pointi zisizofika 5 hayo sio mabadiliko ya kutegemea, na tunapotaka kufika ni nusu ya alipoanzia, yani 7. Yeye ameshuka 2 tu, na ukiangalia ndani ya fomu usingizi na uchovu bado vimekaa kwenye 3. Tatizo lililomleta limepungua, ugonjwa umebaki. Huyo anapanda ngazi ya pili, na mshauri anampeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa tabibu, sio kumwambia tu nenda.

Tabibu akaangalia kwanza damu, maana upungufu wa damu nao unachosha, akauliza ujauzito na kunyonyesha, halafu swali ambalo tunaomba lisirukwe hata siku moja: je, kuna kipindi ulikaa siku kadhaa hulali na huchoki, unaongea bila kupumua, unatumia hela hovyo? Akisema ndiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha akapandwa na wazimu, huyo haanzishiwi pale, anaenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mama yetu alisema hapana. Akapewa fluoksetini miligramu 20 asubuhi.

Wiki ya kwanza akapata kichefuchefu na usingizi ukazidi kupotea, akataka kuacha. Mshauri alikuwa ameshamwambia kwamba madhara yanatangulia na nafuu inafuata nyuma, inaweza kuchukua wiki nne mpaka sita, kwa hiyo akavumilia. Wiki ya sita alipata 6. Bado anameza, na ataendelea miezi 9 mpaka 12 baada ya kupona, kwa sababu anayeacha siku anayojisikia vizuri ugonjwa unamrudia kirahisi.

Swali la tisa, la kujidhuru, halisubiri jumla ya fomu. Kijana akipata 8 kwenye fomu nzima lakini swali la tisa ameweka 1, haendi nyumbani kusubiri wiki mbili. Tunamuuliza waziwazi kama amepanga namna, kama kitu chenyewe anacho. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Huku kwetu kwenye zabibu na alizeti sumu ya wadudu iko chini ya kitanda, kwa hiyo mwenye mpango haachwi peke yake, ndugu wanatoa sumu ndani ya nyumba na safari ya hospitali ni siku hiyo. Na kama stoo fluoksetini imeisha, mtu wa namna hii asipewe amitriptilini ya mwezi mzima aende nayo, ile ikimezwa nyingi inaua moyo, bora tabibu amtafutie dawa sehemu nyingine au apewe ya siku chache na ndugu ndiye aishike.

Ndugu mgeni rasmi, maombi yetu ni mawili. La kwanza, fluoksetini ifike kwenye vituo vya afya na isiishie hospitali ya wilaya, maana mtu wa 15 tunamwambia panda ngazi na ngazi yenyewe iko mbali na nauli hana. La pili ni karatasi ya majibu. Tukimtoa mtu kwenda juu hatujui kama alifika, alipewa nini, arudi lini, na akishapata nafuu hospitali hairudishi mtu kwetu, ananing'inia katikati hana anayempima. Karatasi nusu ukurasa inatosha: skoa aliyofika nayo, dawa na dozi, tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya tabibu. Tunaomba Mganga Mkuu wa Wilaya aagize kila rufaa irudi na karatasi hiyo, na isiporudi ndani ya wiki mbili mshauri aruhusiwe kupiga simu kuulizia.

Tunaomba kuwasilisha.