Shemeji anataka kulala, wewe unataka mlima

Dar es Salaam

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa mahari kupokelewa salama. Ujumbe wako wa juzi umenichekesha, hasa pale shemeji Baraka alipokutumia picha ya kitanda chenye chandarua cheupe na wewe ukamjibu kwa picha ya theluji ya kilele cha Uhuru. Umeniuliza nani kati yenu ana haki kuhusu mahali pa fungate. Kazi yangu ni kupanga safari za watu, ugomvi wao nawaachia mashangazi. Ila Kilimanjaro wiki ya harusi naikataa, na usininunie kabla hujasoma sababu.

Mna siku kumi. Njia ya Machame, ukitaka kupanda bila kuukimbilia mwinuko, ni siku saba. Ongeza usiku mmoja Moshi kabla ya kupanda na mwingine baada ya kushuka, fungate imekwisha. Shemeji amelala usiku sita kwenye hema na kunawia kwenye karai. Hilo pengine atalivumilia kwa mapenzi. Kinachonitia wasiwasi ni usiku wa kilele. Mnaondoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, baridi chini ya sifuri, mnapanda gizani kwa tochi za kichwani kuelekea mita 5,895, ambako oksijeni katika kila pumzi ni kama nusu ya ile unayovuta hapa mjini. Nani ataumwa kichwa na kutapika hakuna anayejua mapema. Mkimbiaji wa kila asubuhi anaweza kuzidiwa, na mwenye kitambi akapita. Mmoja akizidiwa, kiongozi msaidizi anashuka naye na mwingine anaendelea na kiongozi mkuu. Nimewahi kupokea maharusi waliorudi hivyo. Bibi kafika Uhuru, bwana kageuzwa njiani, na ndani ya gari kila mtu anaangalia dirisha lake.

Halafu kumbuka mtakuwa mnatoka wapi. Vikao vya kamati, kitchen pati, send-ofu, wageni waliolala sebuleni kwa mama yako. Mlima unataka mwili uliolala. Upandeni mwakani, mkishafanya mazoezi pamoja, na wewe utakuwa umempa shemeji muda wa kuzoea wazo lenyewe.

Sasa usiende kumwonyesha barua hii kama ushindi wake, maana na hoteli yake nina neno nayo. Ile picha aliyokutumia ni ya pwani ya mashariki ya Unguja, na imepigwa maji yamejaa. Upande ule, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, maji yakipwa bahari inakwenda mbali mpaka unaona akina mama wakilima mwani mahali ulipodhani utaogelea. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa yamekauka kabisa karibu saa nne asubuhi, saa ileile ambayo mtu aliyemaliza chai anataka kuingia baharini. Ukitaka kuogelea saa yoyote ile kule Unguja nenda Nungwi au Kendwa, lakini Nungwi na Kendwa ndiko muziki uliko. Na utulivu anaoutaka shemeji haupimwi kwa nyota za hoteli. Hoteli ya vyumba mia mbili inaweza kuwa na nyota zote na bado ikakuamsha kwa mchezo wa mpira wa majini na spika kando ya bwawa. Mwambie aulize kwanza vyumba ni vingapi. Vikizidi ishirini, aulize na jirani wa hoteli ni nani.

Kabla sijakutajia mahali, kuna jambo nawafanyisha maharusi wote wanaofika mezani kwangu wakiwa wamenuniana. Kila mmoja aandike peke yake siku moja tu ya fungate, kuanzia saa ya kuamka hadi saa ya kulala, bila kutaja jina la mahali. Nilipokuomba uniandikie yako kwenye simu, ona ulichoandika: kuamka mapema, kutoka na mashua, kuona kitu ambacho hujawahi kukiona, kurudi umechoka, kula samaki. Mlima haumo. Ya shemeji uliyonitumia inasema asiamshwe, simu izimwe, chakula kiletwe, asilazimike kumsalimia mtu. Bahari haimo. Kwa hiyo mnagombania majina ya mahali, wakati penye mgongano wa kweli ni saa za asubuhi tu. Wewe unatoka saa kumi na mbili, yeye analala hadi saa tatu. Tunatafuta mahali ambapo asubuhi yako haihitaji yeye aamke, na saa sita mchana mko meza moja.

Ndiyo maana nawapeleka kisiwa cha Mafia, mkitanguliza siku chache za mto Rufiji.

Harusi ni mwisho wa Januari, na hapo mmebahatika. Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari, wakati mwingine hadi Machi. Rufiji inamwaga maji yake yenye rutuba upande huo, vikamba na vijidudu vya baharini vinajaa, na potwe anakuja juu kuvichuja kwa mdomo uliopanuka kama mlango wa gereji. Hang'ati mtu. Wengi wanaoonekana pale ni madume machanga, wa mita sita au saba hivi, ambayo inatosha kukusahaulisha Uhuru. Huhitaji mtungi wa hewa, unaogelea juu kwa miwani na mrija. Mashua inatoka asubuhi, na mchana umesharudi.

Jinsi ya kumjua nahodha mzuri: akimwona potwe hamfukuzi. Anapunguza mashine, anakwenda mbele yake kwa pembeni, anawashusha majini taratibu, na samaki mwenyewe anawapita. Ukiona anamkata njia au anakuhimiza umguse, panda mashua na useme imetosha. Samaki akishtuka huzama, na hapo asubuhi yenu imekwisha. Na ujue hakuna anayeweza kukuhakikishia. Wapo wanaotoka wakarudi bila kuona hata mmoja, ndiyo maana nawawekea usiku nne Mafia badala ya mbili, uwe na asubuhi ya akiba.

Shemeji asubuhi hiyo yuko kitandani. Hoteli nyingi za ghuba ya Chole ni ndogo, vyumba vichache vilivyotawanyika kwenye miti, na ghuba yenyewe imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, kwa hiyo hakuna pikipiki za majini. Lakini umwambie ukweli mapema: asitegemee mchanga mweupe wa picha. Mbele ya hoteli nyingi pale kuna mikoko, na maji yakipwa kuna tope. Kuogelea ni kwenye bwawa au kupelekwa na mashua hadi kwenye fungu la mchanga. Nimeona mtu analipa pesa ya maana, anafika, anatazama mikoko, anakasirika siku nzima. Kosa si la mikoko.

Ukitaka kupiga mbizi na mtungi, nenda, matumbawe ya Chole yanastahili. Mashua za mbizi hufuata maji, na maji husogea kama dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa ya kuondoka hupangwa jioni iliyotangulia. Ila kuna sharti ambalo silegezi. Ukishapiga mbizi mara kadhaa, hupandi ndege mpaka zipite angalau saa 18, na mimi naweka siku nzima. Nitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda wa kutoka polepole. Ukipaa upesi inafanya mapovu kwenye viungo na damu. Kwa hiyo siku yenu ya mwisho kisiwani huna ruhusa ya kufanya lolote. Hiyo ni siku ya shemeji, na humnyimi kwa sababu hata daktari yuko upande wake.

Kwa nini Rufiji iwe ya kwanza? Mngekwenda baharini kwanza, mngelegea na kuamkia safari ya mbuga kwa manung'uniko. Hifadhi ya Nyerere, ambamo mto huo unapita, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ina jambo ambalo mbuga nyingi hazina: unaitembelea kwa mashua. Jioni mnapita kando ya viboko na mamba, mmekaa, mna kinywaji mkononi, na shemeji hajarushwarushwa kwenye gari kutwa. Asubuhi wewe unaweza kutembea kwa miguu na askari mwenye bunduki, yeye anaangalia mto kutoka kibarazani. Mwisho wa Januari majani ni marefu na wanyama wametawanyika, simba mnaweza msiwaone, lakini ndege ni wengi mno. Kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei kwa masika, kwa hiyo mkisogeza harusi hadi baada ya Pasaka mpango huu wote unaanguka, na potwe pia. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wanazipenda.

Nimeipanga hivi. Jumamosi harusi. Jumapili na Jumatatu mnalala hapa mjini, hoteli yoyote yenye pazia nzito, wala msimwambie mtu iko wapi. Jumanne mnakwenda Nyerere, usiku tatu. Ijumaa mnarudi Dar kwa ndege ndogo na kuunganisha Mafia, usiku nne, mbizi zako ziishe Jumapili. Jumanne mko nyumbani. Ndege hizo huruhusu kwa kawaida kilo 15 kwa mtu, mkoba wa mkononi ukiwemo, na begi liwe laini. Lile sanduku gumu la shemeji halipandi.

Kuhusu pesa, mahali pa kubana ni Rufiji. Chukueni kambi ya nje ya lango la Mtemere, karibu na Mloka, na mkumbuke vitambulisho vya NIDA, kwa sababu ada ya hifadhi ya raia ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni. Kinachobaki kiende Mafia, kwenye chumba kizuri, maana huko ndiko mtu mmoja atashinda ndani. Bebeni pia nakala ya cheti cha ndoa. Hoteli nyingi hutoa punguzo au chakula cha jioni kwa maharusi, na huomba kuona karatasi.

Nitumie mambo mawili kabla ya Ijumaa: uthibitisho wa tarehe ya harusi, na kama shemeji anajua kuogelea. Kama hajui, anaweza kuvaa jaketi okozi na kubaki kwenye mashua, ila lazima nimwambie nahodha mapema. Viti vya ndege ndogo ya Mafia vinaisha haraka mwezi huo, na nimewashikia viwili kwa muda tu.

Msalimie mama, mwambie vitenge nimevipata.

Wako,
Rukia